Andaa laini kabla ya kushuka Guangzhou

Mfanyabiashara wa Songwa anayekwenda Guangzhou kutafuta vipuri vya karasha za machimboni aiandae simu yake akiwa bado Shinyanga. Akingoja hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, anaweza kununua laini ya China Mobile au China Unicom kwa pasipoti, akaweka bando, na bado WhatsApp na ramani za Google zikagoma. China imezizuia, na laini ya huko hufuata zuio hilo.

eSIM ya wasafiri ni laini ya kigeni inayoazima minara ya China. Data yake kwa kawaida hutokea nje, mara nyingi Hong Kong au Singapuri, ndiyo maana WhatsApp hufunguka.

Piga *#06#. Ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, kwa kawaida simu yako inapokea eSIM. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na hata iPhone nyingi zilizouzwa China bara hazina, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. Ipakue ukiwa nyumbani, maana kuipakua kunahitaji intaneti. Picha ya QR ya eSIM ifungue kwenye simu ya mwenzako ili kamera yako iisome.

Wengi hukwama kwenye swichi ya Data roaming. Kwenye laini yako ya Tanzania izime, usije ukakatwa pesa ovyo, ila laini yenyewe ibaki hewani ipokee SMS za benki. Kwenye eSIM iwashe, kwa kuwa huko China nayo ni ngeni. Ukiona jina la mtandao wa China na mawimbi yamejaa lakini hakuna kinachofunguka, anzia hapo.

Teksi ya huko huitwa kwa DiDi. Jisajili ungali nyumbani kwa namba yako ya +255, SMS ya uthibitisho ikufikie bila shida, kisha weka kadi yako kwenye Alipay ya kulipia safari. Anwani ya hoteli iombe kwa maandishi ya Kichina, uinakili ndani ya DiDi. Usichukue alama kutoka ramani ya Google: vipimo vya ramani za China vimesogezwa kwa makusudi, na alama inaweza kuangukia mamia ya mita kando, pengine ng'ambo ya barabara kuu. Dereva akitaka kukupigia huenda asikupate. Mwandikie ndani ya DiDi, ujumbe utatafsiriwa.

Kama simu yako haina eSIM, uliza kampuni ya laini yako bando la roaming la China kabla ya safari. Nalo huzunguka zuio, ila bei yake ichunguze. Vinginevyo nunua laini ya Kichina, utumie DiDi na ramani ya Amap, na uwaarifu wa nyumbani kwamba WhatsApp itakuwa kimya. Watakupata kwa SMS.