Upau wa Kazi Unapopotea Baada ya Kubadili Skrini

Tuchukue mfano wa mwenye steshenari ya Mwadui, wilayani Kishapu, ambaye kioo cha kompyuta yake kimeharibika. Badala ya kununua kingine, anaiunganisha kompyuta na televisheni ya nyumbani kwa waya wa HDMI. Kompyuta inabadili yenyewe ukubwa wa picha kutoka nukta 1366 kwa 768 hadi 1920 kwa 1080, na upau wa kazi, yaani ule ukanda wa chini wenye kitufe cha Windows na saa, hauonekani tena. Fundi anamwambia kuwa Windows lazima ifutwe na kuwekwa upya. Mlaji asikubali upesi, kwani humo mna kazi za wateja wake.

Mara nyingi upau haujaondoka. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, desturi iliyotokana na televisheni za zamani za kioo kinene. Ikikata asilimia 5 upande wa chini, nukta 54 kati ya 1080 hupotea. Upau wa Windows 10, kwa kawaida, una kimo cha nukta 40 tu. Dalili nyingine ni alama ya kufungia dirisha, juu kulia, kukatwa nayo.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `PrtScn`. Picha ya skrini itahifadhiwa ndani ya `Pictures`, katika folda ya `Screenshots`. Itume kwenye simu uitazame. Upau ukionekana humo, kompyuta ni nzima, na kinachokata ni televisheni.

Hapo chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, utafute ukubwa wa picha. Jina hutofautiana kwa kila aina: `Just Scan`, `Screen Fit` au `Full Pixel`. Katika baadhi ya televisheni, kuupa mlango wa HDMI jina la `PC` hutosha. Wengi hukimbilia kupunguza nukta kwenye kompyuta, lakini hilo halisaidii sana: kwa 1280 kwa 720, televisheni ileile hukata nukta 36, na upau hubakiza uzi mwembamba tu, huku maandishi yakififia.

Ikiwa upau haumo hata kwenye picha iliyotumwa simuni, bonyeza kitufe cha Windows peke yake. Ukijitokeza, umewekwa ujifiche wenyewe, na hilo huondolewa katika `Settings`, `Personalization`, `Taskbar`. Usipojitokeza, bonyeza `Ctrl+Shift+Esc`, chagua `Windows Explorer`, kisha `Restart`. Hatua hizi hazifuti faili lolote.

Fundi akiendelea kudai Windows iwekwe upya, mwombe kwanza akuoneshe picha hiyo ya skrini, na nakala za kazi zako ziwe zimehifadhiwa kwenye flashi kabla hajagusa kompyuta.