Kufupisha Sura ya Reli ya Uganda Bila Kuvuruga Mfuatano

Mwongozo kwa watahiniwa wa kibinafsi, Butula

Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaofanya kazi mchana na kusoma Historia jioni. Tumechagua sura ya Reli ya Uganda kwa kuwa ndani yake mna jibu la kwa nini Butula iko Kenya leo.

Soma sura nzima kwanza bila kuandika. Ukiirudia, nakili kila mwaka unaoukuta, kisha uipange miaka hiyo kuanzia wa zamani. Utapata 1894, Uingereza ilipoitangaza Uganda kuwa himaya yake. 1895, ilipofanya vivyo hivyo kwa Afrika Mashariki. 1896, ujenzi ulipoanza Mombasa. Desemba 1901, reli ilipofika Kisumu. Na 1902, mpaka ulipohamishwa.

Sasa gawa karatasi mafungu matatu: sababu, tukio, matokeo. Tukio ni ujenzi wenyewe, 1896 hadi 1901. Sababu lazima iwe ilikuwapo kabla ya 1896: Waingereza walitaka kuishika Uganda na chanzo cha Mto Naili, na kusafirisha mizigo kwa wapagazi kulikuwa polepole na kwa gharama kubwa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Huandika kwamba reli ilijengwa ili kuleta walowezi. Tazama miaka: Kamishna Charles Eliot aliwahimiza walowezi waje wakati reli imeshafika ziwani, ili mazao yao yasaidie kurudisha gharama zake. Walowezi wanakaa kwenye matokeo.

Mwaka 1902 unahitaji uangalifu zaidi. Reli ilipofika Kisumu, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, kwa hiyo reli ilikuwa imeifikia nchi iliyokusudiwa. Mwaka uliofuata, Mkoa wa Mashariki wa Uganda, pamoja na eneo letu hili, ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Ukiutanguliza uhamisho huo, muhtasari wako utasema reli iliishia njiani. Uhamisho huo ni tokeo la reli, lakini ukiandika juu ya Wateso na Wasamia kujikuta pande mbili za mpaka, unageuka kuwa sababu. Uandike mara moja tu, mwisho wa muhtasari wa reli, kisha uanzie hapo muhtasari wa mpaka.

Unapounganisha sentensi, tumia “kisha” pale unapojua mfuatano wa wakati tu. “Kwa sababu hiyo” itumie pale sura yenyewe inapoonyesha jambo la kwanza lilivyozaa la pili.

Mwisho, funika kitabu na usome muhtasari wako kuanzia chini kwenda juu, ukiuliza kila sentensi: hili lilitokana na nini? Jibu likiwa kwenye sentensi iliyo chini yake, ihamishie juu sentensi hiyo ya chini. Reli iliyopita Malaba ikafika Kampala mwaka 1931 usiichanganye humu. Ina sababu zake na karatasi yake.