Vipele vya usaha tumboni mwa mtoto wa mbwa

Mlaze mtoto wa mbwa chali mapajani, penye mwanga. Tumboni na kinenani, pasipo na manyoya, utaona vipele vya njano vidogo kama punje za ulezi. Kipele hupasuka kwa kuguswa tu, kikaacha alama nyekundu inayokauka na kuwa gamba. Mara nyingi mtoto hajikuni sana, na anakula na kucheza kama kawaida.

Niliyemwona Chanji, mjini Sumbawanga, alikuwa na wiki 10. Alilalia gunia lililolowa mkojo, na tumbo lilikuwa limefura kwa minyoo. Bakteria wanaoleta usaha huu huishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote. Hupata nguvu ngozi changa inapokaa na unyevu au mwili unapodhoofika. Kwa hiyo tulianza na gunia. Lilitupwa, yakawekwa majani makavu ya kubadilishwa kila siku, na mtoto akapewa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, ya kurudiwa baada ya wiki 2.

Mwenye mbwa alikuwa tayari ameshika chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Mama, hiyo huua kupe, haiui usaha," nilimwambia, "na mtoto huyu atailamba imdhuru." Akaiweka chini.

Dawa ya kuogeshea ni shampuu ya mbwa yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, mara 2 kwa wiki. Wengi hukosea kwenye muda: wanapaka na kusuuza papo hapo. Povu likae kwenye ngozi dakika 10, ukimshika asilambe, ndipo usuuze kwa maji safi. Vipele usivikamue, wala usisugue kwa brashi. Huku Ufipa baridi ya Juni na Julai ni kali, na mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Mwogeshe mchana, ndani ya nyumba, kwa maji ya uvuguvugu, kisha mkaushe kwa taulo hadi kinenani.

Vipele vichache huisha kwa usafi na kuogeshwa tu. Yule wa Chanji, baada ya kuogeshwa mara 4, magamba yalidondoka na hapakuwa na kipele kipya. Usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani: wengi wa bakteria hawa huivunja dawa hiyo isifanye kazi. Vipele vikienea mgongoni, au visipopungua kwa wiki 2, daktari wa mifugo akwangue ngozi atafute utitiri wa upele, na ndiye atakayeamua kama antibiotiki inahitajika.

Lakini mtoto akivimba midomo na kope, tezi za chini ya taya zikajaa, akazubaa na kukataa kula, huo ni ugonjwa mwingine ambao shampuu haiutibu. Huyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.