Dondoo muhimu: Biashara isiyohitaji mkopo wa riba

Ukiwa hutaki riba, jiulize kwanza: hela nitakayoitoa leo itarudi lini? Chagua biashara inayoirudisha siku hiyohiyo. Duka la nguo hukaa na mzigo wiki kadhaa. Maandazi ya asubuhi huisha kabla ya saa nne.

Tuchukue mfano. Unga kilo mbili 4,000, sukari 800, hamira na iliki 700, mafuta 2,500, mkaa 1,500. Jumla shilingi 9,500. Ukipata maandazi 50 ya shilingi 300, umeshika 15,000. Kabla ya kugusa chochote, funga 9,500 kwenye kitambaa chake: hiyo ni ya kesho. Katika 5,500 iliyobaki, kula kiasi na weka kiasi cha sufuria kubwa. Sufuria na jiko la kuanzia azima nyumbani.

Mtaji huu huuawa na daftari la wadeni. Maandazi 20 yakikopwa, 6,000 haipo, na kesho unga haununuliki. Ukianza kukanda unga pungufu bila wateja kupungua, ujue mtaji unaliwa.

Ukitaka kukua, chukua mali kauli: muuzaji anakupa unga, unalipa ukishauza. Kubalianeni bei moja mwanzoni, mbele ya shahidi. Akisema deni litaongezeka kila wiki ukichelewa, hiyo ni riba kwa jina jingine. Mrudishie mfuko wake.