Visima 40 vikiwa 400

Swali: Jaribio letu la vitoa klorini kwenye visima 40 liligharimu shilingi 150,000 kwa kisima kwa mwaka. Mfadhili anataka bajeti ya visima 400. Nizidishe kwa kumi?

Jibu: Hapana, ndugu. Igawanye kwanza hiyo 150,000, na kando ya kila kiasi andika dhana yako na sababu yake. Tuseme meneja ni 60,000, vifaa na klorini 40,000, usambazaji na ukaguzi 50,000.

Mshahara wa meneja ukigawanywa kwa visima 400 ni 6,000 tu. Lakini peke yake hawezi kusimamia vyote. Wasimamizi wanne wa maeneo wataongeza 18,000. Vifaa vishushe hadi 34,000 ikiwa tu muuzaji amekuandikia bei hiyo. Usambazaji hupanda, labda hadi 75,000, kwa sababu mlianza na visima vya kando ya barabara. Pima umbali halisi wa vipya.

Jumla ni 133,000, imeshuka. Ila kisima cha majaribio kilihudumia kaya 30, sawa na 5,000 kwa kaya. Wastani ukishuka hadi kaya 20, gharama ni 6,650. Mwonyeshe mfadhili hesabu zote mbili.