Kuagiza Sukari kwa Pamoja: Mwongozo kwa Wenye Maduka wa Chekalini

Kabla ya kuagiza pamoja, ulizeni bei ya gunia likishafika mlangoni pa duka, si bei ya ghala peke yake. Punguzo kubwa mjini Eldoret laweza kumezwa na nauli kabla mzigo haujafika Chekalini.

Tuchukue mfano wa maduka manne yanayohitaji magunia 20 ya sukari ya kilo 50: moja manane, la pili sita, la tatu manne, la nne mawili. Tuseme kwa muuzaji wa jumla wa karibu gunia ni shilingi 6,700. Ghala la Eldoret linauza 6,500, lakini anayechukua 20 au zaidi hulipa 6,300. Pikapu ni 3,000, na anayefunga duka lake kwenda kununua analipwa 600. Hiyo 600 msiione kama ukarimu. Asipolipwa, safari ya tatu hatakwenda.

Gharama hizo, 3,600, zigawanywe kwa gunia. Kila gunia hubeba 180 na kufika kwa 6,480. Mkigawana sawa kwa sawa, kila duka litatoa 900, na mwenye magunia mawili atalipia 450 kwa kila gunia. Lake litafika kwa 6,750, ghali kuliko la karibu. Huyo atajiondoa, na ndipo hasara itawafikia wote: magunia yakibaki 18, bei hurudi 6,500, gharama hupanda hadi 200, na gunia hufika kwa 6,700 ileile. Mtakuwa mmehangaika bure.

Kwa hiyo pesa zote ziingie kabla ya oda kupigwa. Wekeni siku na saa. Ikipita, waliolipa waamue kuchukua magunia ya aliyekosa au kuahirisha safari. Msimkopeshe mtu kwa fedha za wenzake.

Mkichanganya sukari na tishu, uzito hautoshi kuwa kipimo, kwa kuwa marobota ya tishu ni mepesi lakini hujaza gari. Hapo gawanyeni nauli kwa nafasi ambayo mzigo wa kila mmoja umechukua.

Magunia yahesabiwe na kukaguliwa mshono ghalani, kisha tena yakishushwa. Lililochanika au kulowa njiani ni hasara ya wote kwa kadiri ya magunia ya kila mmoja. Baada ya mwenyewe kulipokea na kutia sahihi, ni lake.

Jambo la mwisho husahaulika sana: ankara. Tangu Januari 2024, KRA kwa kawaida haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS. Ankara moja ikiandikwa kwa PIN ya aliyekwenda Eldoret, manunuzi yote yataonekana kuwa yake, na wenzake watabaki bila ushahidi. Mwombeni mwenye ghala aandike ankara nne, kila moja kwa PIN ya mwenye duka, na mkubaliane naye hilo kabla hamjalipa.