SOMO: Deni la Likizo na Kiinua Mgongo katika Vitabu vya Kampuni



Katika mikutano yetu hapa Cibitoke swali moja hurudi mara kwa mara: "Likizo yangu ambayo sijaichukua, iko wapi?" Wengi hudhani iko katika daftari la msimamizi, au katika kichwa cha bosi. Sivyo. Katika kampuni inayotunza hesabu zake vizuri, likizo hiyo imekwisha geuzwa kuwa fedha na kuandikwa kama deni, na deni hilo huhesabiwa upya kila mwisho wa mwezi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta iitwayo ERP, inayounganisha mishahara, ghala, mauzo na vitabu vya hesabu mahali pamoja. Somo hili litaeleza jinsi deni hilo linavyohesabiwa, na jinsi mfanyakazi anavyoweza kugundua kwamba limehesabiwa vibaya.

Kwanza tutenganishe mambo. Makato ya pensheni hutoka nje ya kampuni na kwenda INSS. Likizo isiyochukuliwa na kiinua mgongo cha mkataba hubaki ndani ya kampuni. Ndiyo maana inatupasa kuyajua haya mawili kwa undani zaidi.

1. LIKIZO INAVYOGEUKA DENI

Likizo haizaliwi siku unapoiomba. Huzaliwa kidogo kidogo kila mwezi unaofanya kazi. Sheria ya Kazi ya Burundi ya mwaka 1993 ilihesabu siku moja na theluthi mbili za kazi kwa kila mwezi, yaani siku 20 kwa mwaka. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2020, na mikataba ya pamoja huweza kutoa zaidi. Katika somo hili tutatumia siku 20 kama mfano; wewe weka idadi iliyo katika mkataba wako.

Tumchukue mfumaji wa kiwanda cha nguo. Mshahara wake ni faranga 260,000 kwa mwezi. Kiwanda hufanya kazi siku 6 kwa juma, na mwezi huhesabiwa kuwa siku 26 za kazi. Basi siku yake moja ni faranga 10,000.

Mwisho wa Januari amepata siku moja na theluthi mbili. Programu huzidisha na kupata faranga 16,667. Mhasibu huandika fedha hiyo pande mbili: upande mmoja ni gharama ya mwezi, upande wa pili ni deni kwa wafanyakazi. Mwisho wa Septemba mfumaji amepata siku 15. Amechukua 6, zimebaki 9. Deni lake ni faranga 90,000. Alipokwenda likizo zile siku 6, malipo yake hayakuwa gharama mpya, bali kampuni ilipunguza deni lake. Na akiachishwa kazi leo, zile siku 9 zilizobaki hulipwa kwa fedha taslimu.

2. MSHAHARA UKIPANDA

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tuseme mwezi Oktoba mshahara umepanda na kuwa faranga 286,000. Siku moja sasa ni faranga 11,000. Je, zile siku 9 za zamani zihesabiwe kwa bei ipi?

Kwa bei mpya. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 19 inataka deni la likizo liandikwe kwa kiasi ambacho kampuni inatazamia kulipa, na mfumaji atakapokwenda likizo atalipwa mshahara mpya, si ule wa zamani. Basi mwisho wa Oktoba ana siku 10 na theluthi mbili, na deni lake ni faranga 117,333. Kwa kuwa vitabu vilikuwa na 90,000, mwezi huo mhasibu anaongeza 27,333. Katika hizo, 18,333 ni za siku mpya, na 9,000 ni nyongeza ya thamani ya siku za zamani.

Programu iliyopangwa vibaya huongeza 18,333 tu. Faranga 9,000 zimepotea katika vitabu bila mtu yeyote kuiba. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa wafanyakazi 200 walio katika hali hiyo hiyo ni faranga 1,800,000, na kila mshahara unapopanda pengo huongezeka. Kampuni inaonekana ina deni dogo kuliko ukweli. Siku ya kufunga idara, mkurugenzi hushangaa kuona malipo ni makubwa kuliko vitabu vilivyosema, na mara nyingi anayeambiwa avumilie ni mfanyakazi.

Kosa la pili ni la kigawanyo. Likizo imehesabiwa kwa siku za kazi, lakini programu inagawa mshahara kwa siku 30 za kalenda. Mfumaji wetu, kabla ya nyongeza, angehesabiwa faranga 8,667 kwa siku badala ya 10,000, na siku zake 9 zingekuwa 78,000 badala ya 90,000. Kanuni ni nyepesi: siku za kazi zigawiwe kwa siku za kazi, na siku za kalenda kwa siku za kalenda. Kuchanganya ni kumpunja mtu.

3. KIINUA MGONGO: HESABU YA MAKADIRIO

Likizo ni deni la hakika. Kiinua mgongo ni tofauti, na hapa lazima tutofautishe malipo ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni malipo ya kuachishwa kazi. Sheria ya 1993 iliyapanga kwa ngazi: mshahara wa mwezi 1 kwa aliyefanya kazi kati ya miaka 3 na 5, miezi 2 kati ya miaka 5 na 10, na miezi 3 kwa zaidi ya miaka 10. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2004, iliweka mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usizidi miaka 10. Malipo haya kwa kawaida hayaandikwi kila mwezi, kwa sababu hakuna ajuaye kama mtu ataachishwa. Huandikwa pale kampuni inapokuwa imekwisha amua kupunguza watu na haiwezi tena kurudi nyuma. Kwa hiyo usishangae usipoyaona katika vitabu. Haki yako haikufutwa kwa kukosa kuandikwa.

Namna ya pili ni kiinua mgongo ambacho mkataba wa pamoja unaahidi kwa anayestaafu. Hiki hujengwa mwaka kwa mwaka, na kampuni inapaswa kukikadiria na kukiandika kadiri kazi inavyofanywa. Tuseme mkataba unatoa nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa kazi, kwa atakayefika umri wa kustaafu. Mfumaji mwenye miaka 12 na mshahara wa 260,000 amejenga miezi 6, yaani faranga 1,560,000.

Lakini si wote watafika. Wengine wataacha kazi, wengine watahama. Ikiwa uzoefu wa kiwanda unaonyesha kwamba katika watu 100 wa namna yake 60 hufika, mhasibu ataandika asilimia 60, yaani faranga 936,000. Mtaalamu wa makadirio huingiza pia kupanda kwa mishahara na miaka iliyobaki, lakini msingi ndio huo.

Sasa sikilizeni vizuri. Zile 936,000 ni makadirio ya kundi zima, si haki ya mtu mmoja. Mfumaji akistaafu, hudai kile kilichoandikwa katika mkataba, kwa mshahara wake wa wakati huo na kwa miaka yake yote. Akiambiwa "kompyuta inasema 936,000", ajibu kwamba kompyuta ilikuwa inakadiria, na mkataba ndio unaoamua.

4. TAREHE YA KUANZA KAZI

Katika hesabu hizi zote, tarehe ya kuanza kazi ni mzizi. Kampuni inapohamia programu mpya, majina yote hunakiliwa. Karani mwenye haraka huweza kuandika tarehe ya kuhamia kuwa ndiyo tarehe ya kuanza kazi. Mtu aliyeanza mwaka 2014 anageuka mfanyakazi wa mwaka 2021. Siku za nyongeza za ukongwe hupotea, na kiinua mgongo hupungua miaka 7, na mshahara wa mwezi huo unatoka sawasawa, hivyo hakuna anayelalamika. Jambo hilo hilo hutokea mkataba wa muda unapofanywa upya na mtu kupewa namba mpya.

Ndugu wa mashambani wana hatari nyingine. Mtu yuko likizo siku 10, anaitwa arudi siku ya saba kwa sababu ya mavuno. Amefanya kazi siku 4, lakini programu bado inasema alikuwa likizo. Siku 4 zimeliwa. Ukiitwa, dai karatasi yenye tarehe na sahihi siku hiyo hiyo.

Na wengine hupoteza siku usiku wa Desemba 31, programu ikiwa imepangwa kurudisha salio kwenye sifuri. Weka karatasi yako ya mshahara ya Desemba, uilinganishe na ya Januari.

5. DENI KATIKA KITABU SI FEDHA KATIKA SANDUKU

Deni likiandikwa vizuri, bado hakuna faranga hata moja iliyowekwa kando. Uandishi ni ushahidi tu. Kampuni ya sukari ya Mumias, nchini Kenya, iliwekwa chini ya usimamizi wa wadai mwezi Septemba 2019 kwa hatua ya benki ya KCB, huku wafanyakazi wakiwa na madai ya mishahara ya miezi mingi. Benki yenye dhamana hushika mali. Mfanyakazi hushika karatasi. Kwa hiyo deni la likizo linalopanda kila mwezi ni dalili ya hatari. Maana yake ni kwamba watu hawapumziki, na madai yao yanarundikwa juu ya kampuni ambayo huenda isiweze kuyalipa. Dawa yake ni watu kupelekwa likizo kwa zamu, na chama kudai kiinua mgongo kiwekewe mfuko wake nje ya kampuni.

6. KAZI YA MJUMBE

Mjumbe wa wafanyakazi aombe, kila miezi mitatu, orodha yenye mambo haya kwa kila mtu: tarehe ya kuanza, siku zilizopatikana, zilizochukuliwa, zilizobaki, bei ya siku moja, na jumla. Kila mfanyakazi athibitishe mstari wake mwenyewe. Kisha jumla ya orodha ilinganishwe na salio la deni la likizo katika leja. Zikitofautiana, kuna mtu amesahauliwa, au kuna bei ya zamani mahali fulani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mchuma chai ana mshahara wa faranga 156,000 na mwezi wake ni siku 26 za kazi. Zimebaki siku 12. Deni ni kiasi gani? (Jibu: faranga 72,000.)

2. Mshahara wake ukipanda kuwa 182,000 bila siku kuongezeka, deni lipande kwa kiasi gani? (Jibu: faranga 12,000.)

3. Tarehe iliyo katika karatasi yako ya mshahara inalingana na mkataba wako wa kwanza? Njoo na karatasi zote mbili katika mkutano ujao.